Shajara ya mradi: HATUA, TAARIFA na saa ya mwisho kwenye vichwa vya barua pepe, ofisi ya Kigoma

Wiki ya kwanza

Ofisi yetu ni ya uwakala wa forodha na usafirishaji, hapa Kigoma mjini. Mizigo hutufikia kwa reli ya kati au kwa lori kutoka Dar es Salaam, kisha inavuka Ziwa Tanganyika kwenda Bujumbura na Kalemie. Wanaoandikiana kila siku ni karani wa nyaraka, mhasibu, msimamizi wa gati, mwenzetu wa Dar es Salaam, wakala wa Bujumbura, wakala wa Kalemie, na mkurugenzi anayepata nakala ya karibu kila kitu. Mimi ndiye ninayepanga kazi zao, na shajara hii ni ya kuweka kumbukumbu ya tunavyobadilisha jinsi ya kuandika vichwa vya barua pepe.

Kilichotusukuma ni saruji ya mteja wa Kalemie. Tozo za bandari hazikulipwa kwa wakati, mzigo ukakosa nafasi kwenye tishari, na gharama za kuhifadhi zikaongezeka. Nilipofuatilia nilikuta barua ya kuomba malipo ilitumwa mapema, ikafika, na watu wakaifungua. Kichwa chake kilikuwa hiki:

```
YAH: MZIGO WA SARUJI WA MTEJA WETU WA KALEMIE - TAFADHALI SHUGHULIKIENI
```

Mhasibu wetu husoma barua nyingi kwenye simu, akiwa benki au njiani. Simu yake huonyesha herufi 35 hivi za kichwa, kinachobaki hukatwa. Kwa hiyo yeye aliona "YAH: MZIGO WA SARUJI WA MTEJA WETU" basi. Hapo hakuna neno linalosema kuna malipo, hakuna anayetajwa, hakuna tarehe. Ndani ya barua tarehe ilikuwepo, aya ya tatu. Na kwa kuwa barua ilikwenda kwa watu sita kwa pamoja, kila mmoja aliamini kwamba mwenzake ndiye anayeambiwa.

YAH ni desturi nzuri ya barua ya karatasi, tumefundishwa hivyo na hakuna ubaya. Ila kwenye barua pepe kisanduku cha kichwa chenyewe tayari kinasema kwamba hapa ndipo mada ilipo, hivyo YAH inakula nafasi ya mwanzo, ambayo ndiyo pekee inayoonekana kwenye simu. Tumekubaliana kuiacha humu na kuendelea nayo kwenye barua zenye nembo.

Nilipozungumza na msimamizi wa gati, mzee aliyewahi kufanya kazi masjala, alinieleza jambo ambalo limekuwa msingi wa mradi wote. Barua ikiingia masjala, alisema, mkuu huandika pembeni: "Mhasibu, kwa hatua. Ugavi, kwa taarifa." Barua ni moja, lakini kila jina lina maelekezo yake. Sisi tulikuwa tunataka kuandika "kwa hatua" bila jina, halafu tunashangaa hatua haichukuliwi.

Wiki ya pili

Kikao cha kuchagua alama kilikuwa kirefu kuliko nilivyopanga, na nimefurahi kwamba hatukukikata. Mwanzoni ubao ulijaa: HATUA, TAARIFA, MWISHO, HARAKA, MUHIMU, SWALI, IDHINI, MALIPO. Kila aliyependekeza neno alikuwa na sababu yake. Tuliyapitia moja baada ya jingine kwa kuuliza: aliyeliona neno hili kwenye simu, bila kufungua barua, atafanya nini tofauti?

MALIPO ilitoka kwanza, kwa sababu inaeleza barua inahusu nini lakini haisemi msomaji afanye nini. Risiti inayohifadhiwa nayo ni habari ya malipo. SWALI ikatoka kwa sababu kujibu ni hatua. Aliyeulizwa anadaiwa kitu. IDHINI vilevile: mkurugenzi akiombwa kuidhinisha, hiyo ni hatua ya mkurugenzi. MUHIMU haikupata mtetezi, maana hakuna anayetuma barua akiamini si muhimu.

HARAKA ndiyo iliyotuchelewesha. Mwenzetu wa Dar es Salaam aliitetea kwa nguvu, na hoja yake ilikuwa ya kweli: yapo mambo ya saa mbili zijazo. Lakini karani alifungua kikasha akatuonyesha barua za wiki iliyopita, na zaidi ya nusu zilikuwa na HARAKA au URGENT. Alama iliyo juu ya barua nyingi kuliko zisizo nayo haimsaidii mtu kuchagua aanze na ipi. Tukaamua hivi: jambo lisiloweza kusubiri saa mbili, piga simu kwanza, kisha tuma barua ili ibaki kumbukumbu. Hata ukiandika HARAKA kwa herufi kubwa, hujui kama mwenzako ana mtandao pale gatini.

MWISHO ilitufundisha zaidi. Tulidhani ni alama ya tatu, sawa na HATUA na TAARIFA. Tulipojaribu kuandika mifano tukaona kila barua yenye MWISHO ina mtu anayepaswa kufanya kitu kabla ya wakati huo, yaani ni HATUA. Na kila HATUA tuliyoiandika bila tarehe ilikuwa dhaifu: mhasibu alisema zikiwa nyingi, zisizo na tarehe ndizo anazoziacha mwisho. Kwa hiyo saa ya mwisho si alama inayojitegemea, ni sehemu ya lazima ya HATUA. TAARIFA haina saa ya mwisho kamwe. Ukijikuta unataka kuiwekea, ujue kuna mtu unamtegemea afanye jambo, basi mtaje.

Nilikuwa nimesoma kwamba katika jeshi la Marekani kuna desturi ya kutumia maneno kama sita ya aina hii: ACTION, SIGN, INFO, DECISION, REQUEST, COORD. Kule kutia saini na kufanya uamuzi ni kazi za ngazi tofauti, na mgawanyo huo una maana. Kwa timu ndogo kama yetu kila alama ya ziada ni nafasi nyingine ya kukosea. Tumebaki na mbili, na umbo hili:

```
HATUA Mhasibu Ijm 14/3 16:00 KGM047 tozo za bandari, saruji Kalemie
TAARIFA KGM047 mabehewa yamefika, saruji Kalemie
```

Mpangilio haukuja kwa bahati. Kuanzia HATUA hadi KGM047, ambayo ni namba ya kazi ya mzigo huo, ni herufi 35, kwa hiyo hata simu ya mhasibu inaonyesha nini, nani, lini na mzigo upi. Maelezo yanayokatwa ni yale ambayo mtu anaweza kuyasoma akishafungua. Cheo kinatajwa badala ya jina la mtu, ili mhasibu akiwa likizo anayemshikia nafasi ajue ni yake.

Kisanduku cha `To` sasa ni cha mwenye hatua peke yake, na wengine wote wanakwenda `Cc`. Kama hatua ni mbili za watu wawili, ni barua mbili. Karani alilalamika kwamba kazi inaongezeka, na ni kweli, inaongezeka kwake. Tuliona ni haki kumwambia hivyo waziwazi, na tukampunguzia kazi ya kupiga simu za kukumbusha, ambayo ilikuwa ikimla asubuhi nzima.

Wiki ya tatu

Saa. Hili nililijua lakini sikulipa uzito wake.

Barua moja ilikwenda kwa wakala wa Bujumbura ikiwa na "Alh saa 10". Kwetu hiyo ni saa kumi jioni, hakuna mjadala. Yeye hufanya kazi kwa Kifaransa siku nzima, na namba 10 kwenye maandishi kwake ni ile tunayoiita sisi saa nne asubuhi. Alituma orodha ya mizigo mapema mno, kabla mabadiliko ya mwisho hayajaingizwa, ikabidi irudiwe. Safari hii kosa halikutugharimu fedha. Lingekuwa upande wa pili, yaani tumaanishe saa nne asubuhi na yeye asubiri hadi jioni, tishari lingeondoka bila karatasi.

Halafu kuna saa moja ya tofauti. Bujumbura na Kalemie ziko nyuma yetu kwa saa moja. Gmail ikikuonyesha barua imetumwa saa ngapi, inaigeuza kwa saa ya simu yako. Lakini saa uliyoiandika kwa mkono ndani ya kichwa haigeuzwi na kitu chochote. Ni maandishi tu. Kwa hiyo 16:00 ya Kigoma ni 15:00 ya Kalemie, na msomaji hana njia ya kujua ulimaanisha ipi.

Kanuni tuliyoandika: kwenye kichwa saa ni ya tarakimu nne, mtindo wa saa 24, na ni saa ya Kigoma siku zote. Ndani ya barua, mstari wa kwanza unarudia kwa maneno: "Ijumaa tarehe 14 Machi, saa kumi jioni kwa saa za Kigoma, saa tisa alasiri Bujumbura na Kalemie." Mtu akikosea mahali pamoja, pale pengine panamsahihisha. Kwa sababu hiyohiyo tunaandika siku pamoja na tarehe. Mara moja karani aliandika Jtn pamoja na tarehe ya Alhamisi, na msimamizi wa gati akagundua papo hapo na kuuliza. Ingekuwa tarehe peke yake, isingeonekana.

Tumekataza "kesho" na "leo" kwenye kichwa. Barua inayoandikwa jioni ikisomwa asubuhi, "kesho" imeshahama. Tumekataza pia J3, J4 na J5 tulizozizoea kwenye Whatsapp, maana asiyezizoea anaona namba iliyokaa karibu na tarehe.

Wiki ya nne

Tulianza kuweka vichujio kwenye Gmail ili barua za HATUA za mhasibu zipate rangi yake. Awali nilitaka alama ziwe ndani ya mabano ya mraba, [HATUA], nikidhani kichujio kitatofautisha alama na neno la kawaida. Hakitofautishi. Utafutaji wa Gmail hauangalii mabano ya mraba, wala haujali herufi kubwa au ndogo. Kichujio cha [HATUA] kilinasa pia barua ya nje yenye kichwa "Hatua za kusajili upya leseni". Mabano tumeyaacha, yalikuwa yanakula herufi mbili bila faida.

Kinachofanya kazi ni kutafuta maneno mawili kwa pamoja:

```
subject:(hatua mhasibu)
```

Barua ya leseni haina neno mhasibu, hivyo inapita pembeni. Lakini hapa ndipo kuandika kwa namna moja kunapoacha kuwa suala la unadhifu. Gmail hutafuta neno zima. Aliyeandika "Uhasibu", "Mhasbu" au "Accounts" barua yake haikupata rangi, na mhasibu, ambaye sasa ameanza kuuamini ule mpangilio, aliiruka. Hatari ni kubwa kuliko zamani, kwa sababu zamani alikuwa akipitia zote.

Tumechukua hatua mbili. Vyeo sita vimeandikwa kwenye karatasi iliyobandikwa juu ya meza ya kila mmoja, kwa herufi zilezile: Karani, Mhasibu, Gati, Dar, Bujumbura, Kalemie. Mkurugenzi ni wa saba, naye anaandikwa Mkurugenzi, ingawa ni neno refu linalosukuma namba ya kazi nje ya kioo. Tuliona halifai kukatwa. Pili, kwenye simu tumeweka njia za mkato za kibodi: ukiandika `hm` inatokea "HATUA Mhasibu". Makosa ya tahajia yamepungua sana tangu hapo, kuliko yalivyopungua kwa kukumbushana.

Mhasibu ana kichujio cha pili cha barua zinazotoka kwa wenzetu lakini hazina HATUA wala TAARIFA kwenye kichwa. Hizo zinaingia kwenye kundi liitwalo "Bila alama", na analipitia kila jioni kabla ya kufunga. Kundi hilo ndilo linaloniambia hali ya mradi. Likiwa na barua tatu, tuko sawa. Likianza kujaa, najua nani amechoka au nani hajaelewa, kwa sababu majina ya watumaji yanaonekana.

Wiki ya sita

Tatizo ambalo hatukulitarajia ni alama iliyopitwa na wakati. Nalieleza kwa mzigo wa KGM047 wenyewe, kwa sababu umepita hatua zote.

Mabehewa yalipofika, msimamizi wa gati alituma TAARIFA kwa wote. Karani akaomba namba ya malipo ya tozo, akaipata, akatuma HATUA Mhasibu, Ijumaa 16:00. Ile 16:00 haikuchaguliwa ovyo: upakiaji ulikuwa Jumamosi asubuhi, na namba ya malipo yenyewe ilikuwa na muda wake wa kuisha. Mhasibu alilipa Alhamisi. Akabonyeza kujibu, akaandika "Imelipwa, risiti hii hapa." Kichwa kikabaki:

```
Re: HATUA Mhasibu Ijm 14/3 16:00 KGM047 tozo za bandari, saruji Kalemie
```

Msimamizi wa gati akajibu hapohapo kuuliza kama risiti imeshafika bandarini. Karani akajibu. Wakala wa Kalemie akaisambaza kwa mtu wake, na programu yake ya Kifaransa ikaweka `TR:` mbele. Ikarudi kwetu ikiwa `Re: TR: Re: HATUA Mhasibu`, na hadi Ijumaa mchana kikasha cha mhasibu kilikuwa kinamwonyesha rangi ya deni alilokwisha kulilipa. Ubaya wake mkubwa ni kwamba ndani ya majibu hayo mlikuwa na ombi jipya: Kalemie walitaka idadi ya mifuko iliyochanika kabla ya kupakia. Hilo lilikuwa la Gati, lakini kichwa kilisema Mhasibu. Msimamizi wa gati aliliona kwa kuwa tu ana kawaida ya kusoma kila kitu.

Tumekubaliana hivi. Anayemaliza hatua anajibu bila kugusa kichwa, na neno la kwanza la jibu ni "Imefanyika", kwa sababu mstari wa mwanzo wa barua huonekana kwenye orodha pembeni ya kichwa. Baada ya hapo mazungumzo hayo yamefungwa. Yeyote mwenye ombi jipya anaandika barua mpya yenye kichwa kipya. Asibadilishe kichwa ndani ya jibu: Gmail ikiona kichwa kimebadilika huanzisha mazungumzo mengine, na kipande kimoja cha habari kinabaki huku, kingine kule, bila mtu kujua kwamba kimegawanyika.

Barua mpya ina hasara yake, inakatisha historia ya mzigo. Ndiyo sababu namba ya kazi haiachwi kwenye kichwa chochote, HATUA au TAARIFA. Ukitafuta KGM047 zinakuja zote kwa mpangilio wa tarehe. Tunaiandika bila nafasi na bila kistari, ili iwe neno moja kwa kila programu na kila anayeiandika.

Ombi la mifuko, kama lingetumwa leo, lingekuwa hivi:

```
HATUA Gati Jms 15/3 07:00 KGM047 idadi ya mifuko iliyochanika
```

Wiki ya nane

Kila Ijumaa nachukua barua za siku moja ya wiki hiyo na kuzisoma kama msomaji wa simu, yaani herufi 35 za kwanza tu. Najiuliza: je, mwenye hatua ametajwa? Saa ipo? Alama inalingana na kilichomo ndani? Swali la tatu ndilo gumu. Bado napata TAARIFA ambazo ndani yake, mwishoni kabisa, zina "tafadhali mtujulishe". Mwandishi hataki kumwamrisha mwenzake, hasa aliyemzidi umri, akaona TAARIFA ni ya adabu zaidi. Karani alisema wazi: "Nitamwandikiaje mzee HATUA?" Mzee mwenyewe alimjibu mbele yetu, "Mwanangu, adabu iweke ndani ya barua. Huku juu niambie ninachodaiwa." Tangu siku hiyo barua za karani huanza na salamu kamili, shikamoo na habari za nyumbani, na kichwa kinabaki kikavu.

Mkurugenzi alikuwa akijibu kwa neno "sawa" kwenye barua yoyote, na hatukujua kama ameidhinisha au amesoma tu. Sasa idhini inaombwa kwa HATUA Mkurugenzi yenye saa, na anajibu "Imefanyika, nimeidhinisha". Akijibu "sawa", karani ana ruhusa ya kumuuliza, na ruhusa hiyo ameitoa mwenyewe.

Wateja hatuwaambii chochote. Barua zao zinaingia na vichwa vyao, na karani ndiye anayezigeuza: anaisambaza kwa mhusika kwa kichwa chetu, na analifuta `Fwd:` linalowekwa na programu ili HATUA ianze mwanzo kabisa. Hii ndiyo kazi ya masjala, na tumeiandika kwenye majukumu yake ili isionekane ni hisani.

Kinachobaki ni Kalemie. Wakala anaandika Kiswahili chake vizuri, lakini wenzake ofisini wanatumia "POUR ACTION" na "POUR INFO", na barua zao zinaangukia "Bila alama". Hatuwezi kuwalazimisha, nao wana wateja wengine. Wiki ijayo nitajaribu kichujio cha kupokea maneno hayo na kuyapa rangi zilezile, kwa sharti moja tutakaloliomba: waandike jina la cheo kwa herufi zetu. Wakala amekubali kuijaribu kwenye mzigo wa KGM052, nami nitaandika hapa kilichotokea.